Kuprinti kwa wanafunzi wa chuo ukiwa na printa moja

Kila chuo kinapofunguliwa napokea maswali yaleyale kutoka kwa mwaka wa kwanza na wa pili: nianze na shilingi ngapi, ninunue printa gani, ukurasa nitoze ngapi, na mbona fulani alifungua akafunga baada ya muhula mmoja. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaandika hapa yote.

Wengine huniuliza kuhusu kufua nguo au kupika. Kufua kunataka maji ya uhakika na kamba mahali ambapo suruali za watu hazitembei zenyewe. Kupika kunataka kuamka saa kumi usiku, na wali ukibaki umeshakula hasara. Mimi kazi ninayoijua ni kuprinti. Naifanya Ng'ong'ona, pembeni ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama njia ya wanafunzi. Bei nitakazotaja ni za kukupigia hesabu tu. Badala yake weka za mtaa wako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Laptopu inayotumia Windows, hata iliyokwisha kutumika, mradi Word inafunguka na tundu za USB mbili ni nzima.
- Printa moja ya tanki, ile unayoimiminia wino kutoka kwenye chupa.
- Rimu tatu za karatasi A4 za gramu 80, na chupa moja ya ziada ya wino mweusi.
- Waya wa umeme wenye kinga, meza isiyotikisika, na kitambaa kizito cha kufunika printa. Dodoma vumbi haliombi ruhusa.
- Namba ya kupokelea malipo ya simu, na daftari.
- TIN, ambayo TRA huitoa bure, na leseni ya biashara kutoka halmashauri.

Usianzie ndani ya bweni. Vyuo vingi havitaki biashara vyumbani, na siku ya ukaguzi printa ndiyo itakayokuwa ya kwanza kubebwa. Tafuta chumba au kona ya duka nje ya geti, kwenye njia ambayo watu wanaipita kwa miguu wakienda darasani.

Kwa nini printa ya tanki na si ya leza? Ya leza ni ya haraka, na maandishi yake hayafutiki yakilowa. Ila inavuta umeme mwingi inapopasha moto, na katriji ikiisha utatoa hela nyingi kwa mpigo. Ya tanki inakula umeme kidogo sana, na wino wake ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba wino wa nyingi kati ya printa hizi ndogo unachuruzika ukiguswa na maji. Mwambie mteja mapema asiweke karatasi zake pamoja na chupa ya maji begini, na asipake kalamu ya kung'arisha juu ya maandishi yaliyotoka sasa hivi.

Hatua

1. Piga hesabu ya ukurasa mmoja kabla ya kubandika bei ukutani.

Tuseme rimu ya karatasi 500 umeinunua kwa shilingi 13,000. Karatasi moja ni shilingi 26. Chupa ya wino mweusi ya mililita 65 umeinunua kwa 30,000. Kiwanda husema inatoa kurasa 4,500, lakini kipimo chao ni cha ukurasa wenye maandishi machache. Wewe weka 3,500, na wino utakuwa kama shilingi 9 kwa ukurasa. Printa ya shilingi 550,000 ukiitegemea ikufikishe kurasa 50,000, kila ukurasa unaila shilingi 11. Jumla ni 46. Ongeza karatasi zitakazoharibika, sema 50.

Ukitoza 100, unabaki na 50. Kodi ya chumba ikiwa 60,000 kwa mwezi na bando 20,000, unahitaji kurasa 1,600 kabla hujajilipa hata soda. Kwa siku 24 za kazi, hizo ni kurasa 67 kwa siku. Sasa kaa njiani siku tatu uhesabu watu wanaopita wakiwa na karatasi mkononi. Kama duka la jirani linatoza 50 na wewe una printa moja ya tanki, huna biashara hapo. Hama.

Kosa ninaloliona sana ni kusahau ile 11 ya printa. Mtu anakula faida mwaka mzima, printa inakufa, na anaanza kukopa ili anunue nyingine. Mimi ile 11 naitoa kila jioni na kuihamishia kwenye laini ya simu ambayo PIN yake anaijua dada yangu, mimi siijui.

2. Tenganisha "ukurasa" na "karatasi" tangu siku ya kwanza.

Andika ukutani kwa herufi kubwa: UKURASA MMOJA NI UPANDE MMOJA. Usipofanya hivyo, mteja atasema "nitolee karatasi kumi", utazitoa upande na upande, utamwambia 2,000, naye ana 1,000 mkononi. Ugomvi wa namna hiyo saa moja kasoro asubuhi, na foleni nyuma yake, humalizika kwa wewe kushusha bei.

Karatasi iliyotoka pande zote mbili unaweza kuipunguzia kidogo, maana umeokoa karatasi moja. Mimi natoza 180 badala ya 200.

3. Pokea faili kwa njia moja au mbili tu.

WhatsApp na barua pepe zinatosha. Kwenye WhatsApp mwambie mteja atume kama `Document`, si kama picha. Picha ya ukurasa ikitumwa kama picha inabanwa, na maandishi yanatoka kama yamefukiwa mchangani.

Flashi utazikataa mwanzoni halafu utazikubali, kwa sababu fainalisti hawaachi flashi. Ukiipokea, usiibofye kwa haraka. Bofya kitufe cha kulia, chagua `Scan with Microsoft Defender`, ndipo uifungue. Ukikuta kila folda imegeuka njia ya mkato yenye kimshale kidogo, hicho ni kirusi, na faili za mteja mara nyingi zimefichwa tu. Usikibofye kile kimshale. Fungua `Command Prompt` uandike hivi, ukiweka herufi ya flashi mahali pa E:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Faili zitarudi kuonekana. Nimemwona dada mmoja wa mwaka wa tatu akilia machozi halisi mbele ya meza yangu kwa sababu alidhani ripoti yake ya fildi imepotea. Amri hiyo ilichukua sekunde nne. Tangu siku hiyo darasa lao lote linakuja kwangu.

4. Usiprinti Word ya mtu kabla haijawa PDF.

Hili ndilo lililonilia hela kuliko yote. Muhula wangu wa pili alikuja kijana saa tano usiku na utafiti wa kurasa 68, wa kukabidhi kesho yake. Nilifungua faili yake ya Word kwenye laptopu yangu, nikaprinti, nikalala. Fonti aliyotumia mimi sikuwa nayo. Word yangu ikaweka nyingine kimyakimya, mistari ikasogea, na kurasa 68 zikawa 71. Yaliyomo yakasema Sura ya Nne iko ukurasa wa 39 wakati iko wa 41. Supavaiza wake aliliona hilo kabla hajasoma sentensi hata moja. Nikamtolea upya bure.

Sasa utaratibu wangu ni huu. Mteja akiwa na laptopu yake, anaifungua faili mwenyewe, anakwenda `File`, kisha `Save As`, anachagua `PDF`, ndipo ananitumia. Akiwa na simu tu, nageuza mimi kwenye laptopu, lakini anakaa pembeni yangu anaangalia kurasa kwenye kioo kabla sijabonyeza. Muulize swali moja tu: "Kwako zilikuwa kurasa ngapi?" Idadi ikitofautiana na yako, simama.

Angalia pia ukubwa wa karatasi. Faili nyingi za wanafunzi zimetengenezwa kwa `Letter`, na karatasi yako ni `A4`. Kwenye Word badilisha kwanza `Layout`, `Size`, `A4`, halafu mwenye kazi aipitie tena, maana mistari itasogea. Kazi ya kukabidhiwa itoe kwa `Actual size`, si `Fit`. Vyuo hupima nafasi ya kushoto, na `Fit` huibana kidogo bila kukuambia.

5. Jifunze kutoa slaidi, kwa sababu ndizo zitakazokulisha.

Utafiti huja mara moja kwa mwaka. Slaidi za mhadhiri huja kila wiki.

Mwanafunzi anakuletea slaidi 60. Ukizitoa moja kwa ukurasa ni shilingi 6,000, na hatazitoa. Ataenda kupiga picha za rafiki yake. Mwambie umtolee sita kwa ukurasa. Zinakuwa kurasa 10, na upande na upande ni karatasi 5, kwa bei ya karatasi moja 180, shilingi 900. Kwako karatasi ni 130, wino kama 90, printa 110. Umebaki na 570 kwa kazi ya dakika mbili, naye amelipa bei anayoweza kurudia wiki ijayo.

Kwenye PowerPoint nenda `File`, `Print`, halafu mahali pa `Full Page Slides` chagua `6 Slides Horizontal`. Ikiwa ni PDF kwenye Adobe Reader, chagua `Multiple` na uweke 2 kwa 3.

Sasa jihadhari. Wapo wahadhiri wanaopenda slaidi zenye mandharinyuma ya bluu iliyokolea au nyeusi tii. Ukizitoa hivyohivyo, ile hesabu ya shilingi 9 za wino inakufa, na karatasi inatoka imelowa na kujikunja. Kwenye PowerPoint, chini ya `Color`, chagua `Pure Black and White`. Mandharinyuma yanakuwa meupe na maandishi meusi. Tazama kila slaidi kwenye kioo kabla ya kutoa, maana michoro mingine hupotea sehemu. Ikiwa ni PDF yenye mandharinyuma meusi, mwambie mteja akaombe faili ya PowerPoint kwa CR wao, au toza bei ya picha.

6. Upande na upande kwa mkono: toa kidogokidogo.

Printa za tanki za bei ya chini hazigeuzi karatasi zenyewe. Unatoa kurasa witiri kwanza, unageuza rundo, unatoa shufwa. Kila printa ina namna yake ya kugeuza. Chukua karatasi mbili, ziandike kwa penseli "juu" na "mbele", jaribu mpaka upate, kisha chora mchoro huo na uubandike kwenye printa. Msaidizi wako atakushukuru.

Usitoe kurasa 120 kwa mpigo. Printa ikimeza karatasi mbili kwa pamoja mara moja tu katikati, kila kinachofuata kinakosana na mgongo wake, na utagundua mwishoni. Mimi natoa karatasi 20, naangalia ya mwisho mbele na nyuma, ndipo naendelea.

7. Hamisha kazi kutoka asubuhi kwenda usiku.

Kati ya saa moja na saa mbili kasoro asubuhi watakuja watu kumi kwa pamoja, wote na neno lilelile: "Kaka, nifanyie haraka, nina kipindi." Printa moja haiwezi. Tangaza kwenye makundi ya madarasa kwamba anayetuma faili na kulipa kabla ya saa nne usiku anakuta kazi yake tayari asubuhi. Iweke kwenye bahasha au ikunje na ukurasa mtupu wenye jina lake la kwanza na tarakimu tatu za mwisho za simu. Asubuhi unagawa tu kama posta.

Hapa ndipo nilipowashinda wenye mashine kubwa. Wao wanafungua saa mbili.

8. Kusanya hela kabla karatasi haijatoka.

Kazi ya kurasa zaidi ya 20, malipo kwanza. Chini ya hapo, malipo mkononi. "Nitakupa bumu likitoka" ni ahadi ya kweli kwa wengi wao, shida ni kwamba bumu likitoka kuna watu watano wameshaahidiwa kabla yako. Ukilazimika kukopesha, weka kikomo cha 2,000 kwa mtu, na mkopo uandikwe daftarini mbele yake kwa mkono wake mwenyewe. Mtu husahau alichoandikiwa, hasahau alichoandika.

9. Futa faili, na jua cha kukataa.

Kila Jumamosi nafuta folda ya wiki nzima. Humo kuna vyeti vya kuzaliwa, fomu za mkopo wa bodi, matokeo ya watu. Hutaki laptopu yako iibiwe ikiwa na hayo yote.

Kazi za kukataa ni mbili. Ya kwanza ni kutoa kopi ya kitabu kizima cha mtu. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi, na dirisha lako liko njiani. Ya pili ni kumwandikia mtu kazi yake ya darasani. Kuchapa alichoandika kwa mkono ni sawa, toza kwa ukurasa. Kumtungia ni kujitafutia kuitwa na chuo.

10. Kubaindi kuje baada ya miezi mitatu.

Mashine ndogo ya kubaindi kwa pete za plastiki ina faida nzuri, lakini msimu wake ni mfupi. Inunue ukiwa umeshaona fainalisti wanakupita kwenda kwa jirani. Pete ya milimita 10 inashika karatasi kama 60, kwa hiyo anza na ya 8, 10 na 12 tu. Usitoboe karatasi zaidi ya kumi kwa mpigo. Meno yakijikunja matundu yanatoka yamechanika, na hapo karatasi za kurudia ni zako, si za mteja.

Mambo yakienda kombo

*Mistari myeupe inakatiza maandishi.* Wino umekauka kwenye vitundu vya kichwa, jambo la kawaida printa ikikaa wiki bila kazi. Toa `Nozzle Check`. Mistari ikiwa imekatika, fanya `Head Cleaning` mara moja, angalia tena, rudia mara moja. Usiifanye mara kumi mfululizo, kila mara inamwaga wino. Zima, iache usiku kucha, jaribu asubuhi. Wakati wa likizo ndefu itoe ukurasa mmoja wenye rangi zote kila baada ya siku nne au tano. Mimi likizo yangu ya kwanza niliifunga printa nikaenda nyumbani, na niliporudi fundi alikula 70,000.

*Mistari haiishi hata baada ya kusafisha.* Tazama tanki. Wino ukishuka chini ya alama ya chini, hewa inaingia kwenye mirija, na kusafisha kwa kawaida hakutoshi. Jaza mapema, kila rangi na chupa yake, na usiinamishe printa unapoihamisha.

*Karatasi zinakwama au zinaingia mbili.* Mara nyingi ni vumbi kwenye mipira ya kuvuta karatasi, au rimu iliyoachwa wazi. Ifute mipira kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, printa ikiwa imezimwa. Pepeta karatasi kabla ya kuziweka, na usijaze trei mpaka juu. Iliyokwama ivute taratibu kwa mikono miwili kufuata njia inakotokea. Ukiivuta kwa hasira kipande kitabaki ndani.

*Umeme ulikatika katikati, sasa kazi ya zamani haitoki wala haifutiki.* Fungua `Command Prompt` kwa `Run as administrator`, kisha:

```
net stop spooler
del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler
```

Foleni yote itafutika, kwa hiyo hakikisha unajua uliishia ukurasa wa ngapi. Ndiyo maana natoa karatasi 20 tu kwa mpigo.

*Printa inasema pedi ya wino imejaa.* Ule wino wa kusafishia huishia kwenye sponji ndani ya printa, na printa huhesabu. Ikifika kikomo inagoma. Kuirudisha hesabu sifuri kwa programu bila kubadilisha sponji kunawezekana, na mafundi wengi watakufanyia hivyo, ila siku moja wino utamwagikia mezani kwako. Badilisha sponji kwanza.

*Wateja wamepungua ghafla katikati ya muhula.* Kabla hujashusha bei, chukua karatasi uliyotoa jana na uiweke pembeni ya ile ya jirani. Mara mbili nilizokumbwa na hilo, moja ilikuwa wino uliopauka nisiouona kwa sababu nilikuwa nauona kila siku. Ya pili, msaidizi wangu alikuwa anafungua saa mbili.